Unga Umezidi Bajeti: Ni Bei au Matumizi?

Swali: Bajeti ya unga ilikuwa shilingi 1,800,000, lakini tumetumia 2,185,000. Meneja wa kiwanda chetu cha mikate anasema bei imepanda. Ni kweli?

Jibu: Bei imechangia, ila si sana. Kwa mikate mliyooka mlipaswa kutumia kilo 1,000 kwa shilingi 1,800 kila kilo. Mmetumia kilo 1,150 kwa shilingi 1,900. Nyongeza ya shilingi 100 kwa kilo 1,150 ni 115,000. Zilizobaki katika ziada ya 385,000, yaani 270,000, ni kilo 150 zilizozidi kwa shilingi 1,800.

Kwa hiyo msikimbilie kubadilisha muuzaji. Pimeni madonge kwenye mizani kabla ya kuoka, na kila zamu iandike mikate iliyoungua. Vyote viwili vikiwa sawa, huenda kilo hizo zinapotelea stoo: hesabuni magunia kila jioni.