Irabu Moja ya Ziada: Kwa Nini Mtahini Haelewi Kiingereza Chetu

Mtihani wa kuzungumza wa IELTS huchukua dakika 11 hadi 14, ana kwa ana na mtahini. Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: mtiririko wa maelezo, msamiati, sarufi na matamshi. Kuwa na lafudhi ya Tanga au ya Mombasa si kosa. Kinachopimwa katika matamshi ni kama msikilizaji anakufuata bila kuhangaika.

Wengi hudhani kinachowaponza ni sauti ngumu za Kiingereza, hasa zile mbili zinazoandikwa "th". Lakini anayetamka vizuri "thamani" na "dhahabu" anazo tayari sauti hizo mbili. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye silabi, na ili kuliona inabidi tuanze na Kiswahili chenyewe.

Tamka "kitabu" polepole: ki-ta-bu. Kila silabi inaishia na irabu. Ndivyo yalivyo maneno yetu mengi ya asili, na neno la kigeni linaloishia na konsonanti likiingia, huongezewa irabu mwishoni ili lifanane na mengine. Hiyo ni kanuni ya kwanza. Kanuni ya pili ni ya mkazo: sauti hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema ki-TA-bu, lakini tukiongeza silabi moja, mkazo unasogea: ki-ta-BU-ni. Hatufikirii, mdomo unafanya wenyewe.

Sasa ziunganishe kanuni hizo mbili. Mwingereza husema neno lake la tiketi kwa silabi mbili, na mkazo uko mwanzoni: TI-kit. Sisi tunaongeza irabu mwishoni, silabi zinakuwa tatu, na papo hapo mkazo unahama: ti-KE-ti. Irabu moja imezaa makosa mawili, idadi ya silabi na mahali pa mkazo. Hospitali na blanketi yamepitia njia hiyo hiyo. Kompyuta na Disemba hayana shida hiyo, kwa kuwa mkazo wetu umeangukia palepale ulipo kwa Kiingereza. Ndiyo maana mtu yuleyule anaeleweka vizuri kwenye neno moja na kupotea kwenye linalofuata.

Kwa nini mkazo uliohama umpoteze msikilizaji? Hata sisi tunajua nguvu yake: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Kwa Mwingereza mkazo una kazi kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1988, Anne Cutler na Dennis Norris walionyesha kwa majaribio kwamba wasikilizaji wa Kiingereza huichukua silabi yenye nguvu kama mwanzo wa neno jipya. Wana sababu nzuri: katika mazungumzo yao, maneno mengi yenye maana huanza na silabi ya namna hiyo. Kwa hiyo Mwingereza anaposikia ti-KE-ti, sikio lake huanza kutafuta neno linaloanzia kwenye "ke". Halipatikani, na wakati analitafuta wewe umeshafika mbele.

Tuchukue sentensi moja tuifuate mpaka mwisho: "She works at a hospital in Tanga." Kwa Kiingereza ina silabi 10, na zenye nguvu ni tatu tu: ya kitenzi, ya mwanzo wa neno la hospitali, na ya mwanzo wa jina la mji. Mwenye mazoea mazito ya Kiswahili huitamka hivi: shi wa-KI-si A-ti e hos-pi-TA-li I-ni TA-nga. Hesabu: silabi ni 15, na zenye nguvu ni tano. Tazama kitenzi kilivyopatwa. Mkazo umekalia "ki", yaani umekalia irabu ambayo kwa Kiingereza haipo kabisa. Maneno madogo mawili ambayo Mwingereza huyapitia haraka nayo yamepewa nguvu, kwa hiyo msikilizaji anaona vilele vingi na hajui kipi kimebeba habari.

Dawa yake haihitaji kuuacha mdomo wa Kiswahili. Badala ya kuongeza irabu baada ya konsonanti ya mwisho, chukua irabu inayoanza neno linalofuata na uifanye iwe yake. Sentensi yetu inageuka kuwa mnyororo mmoja: shi-WAK-sa-ta-HOS-pi-ta-lin-TA-nga. Hesabu tena: silabi 10. Nyingi zinaishia na irabu, kama tulivyozoea. Tatu tu zimefungwa na konsonanti, na hizo nazo tunaziweza: "wak-sa" inatamkwa kama "ruksa", "hos" inafungwa kama "as" ya "askari", na "lin" inafungwa kama "dan" ya "dansi".

Linabaki jambo moja, silabi dhaifu. Kiswahili hutamka irabu zote kwa ukamilifu, hata zisizo na mkazo. Kiingereza hupunguza irabu nyingi za silabi dhaifu: mdomo unafunguka kidogo tu, ulimi unapumzika katikati, sauti inapita kwa ufupi. Katika mnyororo wetu, irabu "a" za "sa", "ta" na "ta" ya pili ziwe hafifu namna hiyo. Gonga meza mara tatu tu, kwenye WAK, HOS na TA ya mwisho, na silabi nyingine uzipitishe katikati ya mapigo.

Utajuaje kama irabu ya ziada bado ipo? Weka vidole viwili kooni na utamke neno la Kiingereza la tiketi peke yake. Irabu hutikisa koo. Sauti "t" haitikisi. Ukihisi mtikisiko umerudi baada ya "t" ya mwisho, umeongeza irabu. Kipimo hiki kinafaa kwa "p", "t", "k" na "s". Kwa "b", "d" na "g", ambazo zenyewe hutikisa koo, jirekodi kwa simu na uhesabu silabi unapojisikiliza. Kosa la kuepuka hapa ni kupita kiasi. Wapo wanaokimbia irabu wakaidondosha na konsonanti yenyewe, hata ile "s" ya mwisho wa kitenzi inayobeba sarufi, na hapo wanapoteza alama kwenye kigezo kingine. Ikiwa neno linalofuata linaanza na konsonanti, ulimi au midomo ifike mahali pake na, isipokuwa kwa "s", izuie pumzi kidogo, kisha uendelee.

Mnyororo huu hausemi mkazo wa kila neno uko wapi, na tahajia ya Kiingereza haiutabiri kwa uhakika. Tazama kamusi: alama ndogo ya ˈ huwekwa mbele ya silabi yenye mkazo. Anza na maneno tuliyoyakopa, kwa kuwa hayo ndiyo mdomo umeshayazoea kwa mkazo wa Kiswahili. Orodhesha yale unayotarajia kuyatumia kueleza kazi yako, masomo yako na mji wako, tia alama kila moja, uyaweke kwenye sentensi, kisha ujirekodi ukiyasema. Irabu ya mwisho ikiondoka, mkazo unakuwa rahisi kuurudisha mahali pake. Kwa hiyo anza na irabu.