Kabla Daktari wa Mbwa Hajachoma Sindano

Mbwa wengi wa Arusha hutibiwa uani. Mwenye nyumba Moshono au Ngaramtoni anamkuta mbwa wa ulinzi amejilaza kivulini, hataki chakula, ufizi umepauka. Anampigia simu mtu anayetibu ng'ombe wa jirani, naye anafika na pikipiki, anamtazama mbwa, anasema ni homa ya kupe, anavuta dawa, anachoma, anapokea hela yake na kuondoka. Katika dakika hizo chache unaweza kumjua daktari uliyemwita, hata kama hujasomea udaktari.

Tazama kwanza kama anampima mbwa uzito. Dawa inayochomwa sana kwa homa hii ni diminazini, unga wa njano wa pakiti, ambao wafugaji wanaufahamu kwa ng'ombe. Pakiti moja yenye gramu 1.05 za dawa yenyewe inatosha ng'ombe wa kilo 300. Ng'ombe huvumilia kosa dogo la kipimo, mbwa havumilii. Kipimo cha mbwa ni miligramu 3.5 kwa kila kilo, mara moja. Pakiti hiyo ikiyeyushwa kwa mililita 15 za maji, mbwa wa kilo 15 anahitaji mililita 0.75 tu. Anayekadiria kwa macho akadhani ni kilo 25 atamchoma mililita 1.25, zaidi ya mara moja na nusu ya kipimo. Matokeo huonekana baada ya siku moja hivi au zaidi: mbwa anayumba, macho yanachezacheza, anapata degedege. Ubongo umeumia, na dawa ya kuondoa sumu hiyo haipo. Nimeweka hesabu hii ili uelewe kwa nini daktari makini haoni taabu kumbeba mbwa, kupanda naye kwenye mizani ya bafuni, kisha kutoa uzito wake mwenyewe. Siyo ili ukachome mwenyewe. Uliza pia kama mbwa amechomwa dawa hiyo hiyo siku za karibuni, maana kurudia upesi ni hatari. Daktari mzuri atakuwa ameuliza kabla yako.

Swali la pili ni hili: "Umejuaje ni homa ipi?" Watu husema homa ya kupe kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe kupe huleta zaidi ya mmoja. Babesia hupasua chembe nyekundu za damu. Mkojo unaweza kuwa wa kahawia, na diminazini humsaidia mbwa huyo. Elikia hukaa ndani ya chembe nyeupe na kupunguza chembe zinazogandisha damu, kwa hiyo mbwa anaweza kutokwa damu puani. Huyu diminazini haimponyi. Anahitaji doksisaiklini ya kumeza, kwa kawaida siku 28. Mbwa anayechomwa sindano moja, akachangamka kidogo, kisha akadhoofika tena baada ya wiki chache, huenda alitibiwa ugonjwa usio wake.

Daktari anayejua kazi atachoma ncha ya sikio, atapaka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, au atapeleka sampuli maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo hapa Arusha. Kioo huweza kukosa vimelea, hasa vya elikia, na mtu mkweli atakuambia hivyo, kisha aeleze kwa nini anaanza na dawa fulani. Ninamwamini zaidi huyo kuliko anayetaja ugonjwa kwa uhakika akiwa bado getini.

Kwenye chanjo, angalia mikono yake. Chanjo ya parvo na distempa huja kama kidonge kikavu ndani ya kichupa, na huchanganywa na maji yake pale pale, muda mfupi kabla ya kuchomwa. Vichupa vinatakiwa vitoke kwenye kisanduku chenye barafu, nyuzi 2 hadi 8. Ukiona bomba limeshajazwa tangu nyumbani kwake na kukaa mfukoni, kataa. Akimaliza, abandike lebo ya kichupa kwenye kadi, aandike tarehe na asaini. Kadi iliyoandikwa "chanjo" tu haikuambii kama mbwa amekingwa na kichaa au na kitu kingine.

Kuhusu cheti, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtaka daktari asajiliwe na Baraza la Veterinari Tanzania. Omba namba yake ya usajili, si matusi. Mwenye stashahada, kama wahitimu wengi wa chuo cha mifugo Tengeru, anaweza kuwa fundi mzuri sana wa chanjo na vidonda, ila kazi yake iko chini ya usimamizi wa daktari. Muulize jina la daktari huyo, na nani atapokea simu mbwa akizidiwa usiku.

Kabla hajawasha pikipiki, mwombe aandike jina la dawa, kiasi alichochoma na uzito aliopima. Daktari mwingine akiitwa kesho, hayo matatu ndiyo atakayoyahitaji kwanza, na anayekataa kuyaandika usimwite tena.