Mboga Iwe Chakula: Wiki Moja ya Milo Yenye Wanga Kidogo

Nyumbani kwetu ugali au wali ndio huitwa chakula. Samaki, mayai na mchicha huitwa mboga, yaani vya kuteremshia. Kijitabu hiki kinageuza nafasi hizo kwa siku saba: mboga inajaza sahani, na ugali unakaa pembeni.

Kwa nini ugali?

Chukua nyumba ya watu watano inayosonga unga robo tatu ya kilo kwa mlo mmoja. Kila mtu anapata unga wa gramu 150, na ndani yake mna wanga wa gramu 110 hivi. Tumboni wanga huo hugeuka kuwa sukari, sawa na vijiko vya chai zaidi ya 20. Dona ina makapi zaidi kuliko sembe, lakini wanga wake haupungui sana. Kuhamia ndizi za kupika, muhogo au uji wa lishe nako si kupunguza.

Yai halina hata gramu moja ya wanga. Samaki hana kabisa. Parachichi linao kidogo, na sehemu kubwa ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari.

Nani asianze bila kumwona mganga

Anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi hupimiwa dawa kulingana na chakula alichozoea. Akipunguza ugali na dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla: atatetemeka, atatoka jasho jembamba, atachanganyikiwa. Apewe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apimwe tena. Kipimo kikiwa chini ya 4, arudie. Akishindwa kumeza, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Wajawazito, wanaonyonyesha na wagonjwa wa figo nao waulize kwanza. Watoto waendelee na chakula chao cha kawaida.

Kipimo cha sahani

Nusu ya sahani iwe majani. Robo iwe samaki, au mayai 2 hadi 3. Ongeza nusu parachichi. Mchana tu, weka donge la ugali lenye ukubwa wa mayai mawili. Hilo lina wanga wa gramu 30 hivi. Sufuria ni moja kwa nyumba nzima, kinachobadilika ni sahani ya mhusika.

Wiki yenyewe

*Jumatatu.* Asubuhi: mayai ya kukaanga na nyanya, parachichi. Mchana: dagaa wa nyanya, mchicha, donge. Jioni: sato wa kuchoma na kachumbari.

*Jumanne.* Asubuhi: mayai ya kuchemsha, parachichi. Mchana: vibua vya kukaanga, matembele, donge. Jioni: supu ya samaki na bamia.

*Jumatano.* Asubuhi: mayai yaliyovurugwa na mchicha. Mchana: samaki wa nazi, majani ya maboga, donge. Jioni: dagaa na kabichi.

*Alhamisi.* Asubuhi: supu ya samaki, parachichi. Mchana: mchuzi wa mayai, mnafu, donge. Jioni: perege na mlenda.

*Ijumaa.* Asubuhi: mayai na pilipili hoho. Mchana: kisamvu cha nazi na dagaa, donge. Jioni: samaki wa kuchoma, parachichi.

*Jumamosi.* Rudia Jumatatu.

*Jumapili.* Rudia Jumatano.

Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, maana kikiwa kibichi kina sumu. Dagaa wakavu watolewe vichwa na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, hadi mchanga uishe. Dagaa wa chumvi walowekwe kwanza, hasa kwa mwenye presha.

Panapoharibika

Kosa kubwa ni kuondoa ugali bila kuongeza kitu. Mtu analala na mchicha mtupu, saa nne usiku njaa inamwamsha, na chapati iliyobaki inaliwa yote. Ukihisi njaa mapema, ongeza yai au parachichi, na usiogope tui la nazi.

Kosa la pili limejificha kwenye kikombe. Chai ya vijiko viwili vya sukari, mara tatu kwa siku, inarudisha wanga sawa na donge lako la mchana. Kunywa ya tangawizi au mchaichai, bila sukari. Maharage nayo yana wanga: ukiyala, liache donge.

Siku tatu za mwanzo kichwa kinaweza kuuma na mwili ukalegea, kwa sababu mwili hutoa maji na chumvi nyingi. Kunywa maji na supu. Choo kikiwa kigumu, ongeza mlenda na bamia.

Utajuaje kama inafaa?

Kama una kipimo cha sukari nyumbani, pima kabla ya mlo wa mchana na saa mbili baada ya kuanza kula. Andika namba zote mbili kwenye daftari pamoja na ulichokula. Linganisha siku ya donge na siku ya sahani ya zamani, kisha nenda na daftari hilo kliniki. Hapo mganga ataamua kuhusu dawa, usiziache mwenyewe.