Karo ya Ng'ambo: Dola 25 Zinazopotea Njiani

Msimu wa machungwa ukimalizika Muheza, baadhi ya wafanyabiashara hufika kwenye mabenki ya Tanga mjini kulipa karo za watoto wanaosoma India. Wengi huuliza bei ya dola tu. Linalowagharimu zaidi mara nyingi ni kisanduku kidogo kwenye fomu ya hawala: nani atalipa gharama?

Kisanduku hicho kina majibu matatu. OUR maana yake mtumaji analipa gharama zote. SHA maana yake mtumaji analipa benki yake, na makato mengine yanatoka kwenye fedha zenyewe. BEN maana yake mpokeaji anabeba yote. Dola kutoka Tanga kwa kawaida hupitia benki nyingine, mara nyingi ya New York, nayo hukata ujira wake.

Tuchukue mfano. Ankara ya chuo ni dola 2,500, benki inauza dola kwa shilingi 2,600 na inatoza dola 40 kutuma. Mzazi anachagua SHA. Benki ya njiani inakata dola 25, chuo kinapokea 2,475, na mwanafunzi anaandikwa mdaiwa.

Kumaliza deni hilo, kutuma dola 25 hakusaidii, kwani zote zitakatwa njiani. Itabidi atume 50 na kulipa tena 40. Jumla ya safari zote mbili ni dola 2,630. Angechagua OUR, kwa nyongeza ya dola 25, angelipa 2,565. Tofauti ni dola 65, yaani shilingi 169,000.

Hata hivyo OUR nayo si kinga kamili, maana benki ya mpokeaji yaweza kukata chochote. Kabla ya kutia saini, mzazi aulize kama nyongeza hiyo inahakikisha fedha zitafika kamili. Jina na namba ya mwanafunzi viandikwe kwenye maelezo ya malipo, la sivyo fedha hufika chuoni zikakosa mwenyewe.

Ushahidi nao una ngazi. Karatasi ya benki inayoonyesha akaunti imekatwa inathibitisha tu kwamba fedha zimetoka. Mzazi aombe nakala ya ujumbe wa SWIFT. Ule wa zamani, MT103, uliondolewa katika malipo baina ya mabenki ya nchi mbalimbali Novemba 2025, na mahali pake pameshikwa na pacs.008. Humo OUR husomeka DEBT, na SHA husomeka SHAR. Hapo ndipo mzazi hutambua kama karani alijaza alichoagizwa. Nakala hiyo pia ina UETR, namba ya herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari, ambayo benki huitumia kufuatilia fedha zilikokwama.

Nakala hiyo itumwe chuoni siku hiyohiyo. Lakini faili lisifungwe mpaka stakabadhi ya chuo ifike, ikiwa na kiasi kilekile cha ankara.