Stima Ikipotea, Intaneti Ibaki: Jinsi ya Kulinganisha Betri na Rauta Yako

Stima inapopotea, simu yako bado ina chaji na tableti ya dukani bado inawaka. Kinachozima ni kile kisanduku kidogo ukutani: rauta. Ukiwa unapokea malipo kupitia programu inayotumia Waifai ya duka, hapo ndipo foleni inaanza kujaa, mteja anasema amelipa, na wewe huoni chochote kwenye skrini.

Habari njema ni kwamba rauta hula stima kidogo sana, kidogo kuliko balbu nyingi za zamani. Betri ndogo inayotoshea kiganjani inaweza kuiweka hai kwa saa kadhaa. Madukani utaipata kwa jina la Mini UPS. Lakini kabla hujanunua, kuna kitu kimoja cha kuelewa vizuri, kwa sababu ukikikosea unaweza kuunguza rauta yenyewe: volti lazima ilingane, na ampea lazima itoshe.

Kwanza, soma lebo

Geuza rauta chini uangalie kibandiko chake. Angalia pia adapta, yaani ile chaja nyeusi inayochomekwa ukutani. Kwenye adapta tafuta mstari ulioandikwa OUTPUT, si ule wa INPUT. INPUT ni stima ya ukutani, ambayo hapa Kenya ni volti 240. OUTPUT ndiyo inayoingia kwenye rauta, na mara nyingi itasomeka `12V 1A`. Rauta nyingine zinatumia 9V, na zile ndogo za laini ya simu zinaweza kutumia 5V.

Fikiria tangi la maji lililo juu ya paa. Volti ni kama urefu wa tangi: likiwa juu zaidi, maji yanasukumwa kwa nguvu zaidi, utake usitake. Ampea kwenye adapta au betri ni kama upana wa bomba: inakuambia kiasi kinachoweza kupita, lakini rauta huchukua kile inachohitaji tu.

Ndiyo maana sheria mbili hizi hazifanani. Rauta ya 12V inahitaji betri inayotoa 12V, si 9V wala si 24V. Lakini rauta ya 1A inaweza kuchomekwa kwenye betri ya 2A au hata 3A bila shida yoyote. Ampea zikizidi hazidhuru. Volti zikizidi zinaunguza.

Volti zikipungua, dalili zake hudanganya. Ukiipa rauta ya 12V umeme wa 9V, taa zinaweza kuwaka kama kawaida, kisha Waifai inakatika kila baada ya dakika chache, au rauta inajizima na kujiwasha. Watu wengi hapo hulaumu mtandao, kumbe ni tundu walilochagua kwenye betri. Mini UPS nyingi zina matundu ya 5V, 9V na 12V yakiwa yamepangwa pamoja, na plagi moja inaweza kuingia kwenye la 9V na la 12V. Kwa hivyo weka alama kwa kalamu au kipande cha plasta kwenye tundu lako, ili mtu mwingine asije akahamisha waya wakati wa kufagia.

Pili, angalia plagi yenyewe

Kwenye lebo ya adapta kuna mchoro mdogo wa duara lenye nukta katikati, na alama za + na – pembeni. Mchoro huo unaonyesha chanya iko wapi. Kwa rauta nyingi chanya iko katikati ya plagi. Hakikisha mchoro wa betri ni sawa na wa adapta yako. Ikiwa imegeuzwa, usichomeke hata kwa kujaribu.

Kisha kuna unene. Plagi za kawaida zina upana wa milimita 5.5 kwa nje, lakini tundu la ndani linaweza kuwa milimita 2.1 au 2.5. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kirahisi. Ya 2.5 itaingia kwenye rauta yenye pini ya 2.1, lakini italegea. Ukigusa waya, rauta inazima. Ya 2.1 nayo haitaingia kabisa kwenye pini ya 2.5. Njia rahisi ni kwenda dukani na adapta yako mfukoni, ulinganishe papo hapo.

Usisahau kisanduku cha faiba

Wengi wananunua betri, wanachomeka rauta, stima inapotea, Waifai inaonekana kwenye simu, lakini intaneti hakuna. Sababu ni kwamba kuna kifaa cha pili. Ukiwa na faiba, mara nyingi kuna modemu ndogo ambapo ule waya mwembamba wa faiba unaingia, halafu waya mwingine unatoka kwenda kwenye rauta. Vyote viwili lazima viwe kwenye betri. Kama kampuni yako ilikuwekea kifaa kimoja kinachofanya kazi zote mbili, basi umeokoka hapo.

Wanaopata intaneti kwa antena iliyo juu ya paa wawe makini zaidi. Antena hiyo hupata umeme kupitia waya uleule wa mtandao, kutoka kwa kisanduku kidogo ambacho mara nyingi ni cha 24V au 48V. Tundu la 12V haliwezi kuiendesha. Tafuta Mini UPS ambayo ina tundu la waya wa mtandao lenye volti hizohizo za antena yako.

Tupige hesabu ya duka moja

Chukua duka la rejareja mtaani Nakuru. Lina rauta ya 12V 1A na modemu ya faiba ya 12V 0.5A. Mwenye duka ameona Mini UPS iliyoandikwa 8800mAh, yenye matundu mawili ya 12V, na jumla ya 2A.

Swali la kwanza: volti zinalingana? Ndiyo, vifaa vyote ni 12V.

Swali la pili: ampea zinatosha? Moja na nusu zinahitajika, mbili zipo. Zinatosha. Hapa soma vizuri, kwa sababu ile 2A mara nyingi ni ya matundu yote kwa pamoja, si ya kila moja.

Swali la tatu: itakaa muda gani? Hapa ndipo wanunuzi hudanganyika. Ile namba 8800 haijapimwa kwa 12V. Imepimwa kwa seli za ndani za lithiamu, ambazo ni 3.7V. Kwa hivyo hesabu ni hii:

```
8.8 Ah x 3.7 V = 32.56 Wh
```

Kupandisha 3.7V hadi 12V pia kunapoteza nguvu kiasi, kwa hivyo tuseme zinabaki wati-saa 27 za kutumia. Vifaa viwili kwa pamoja, kulingana na lebo, vinaweza kula wati 18 (yaani 12 mara 1.5). Gawanya 27 kwa 18, unapata saa moja na nusu. Hicho ndicho kiwango cha chini. Kwa kawaida vifaa hivi havifiki kiwango cha lebo. Vikila nusu yake, wati 9, utapata saa tatu. Panga kazi yako kwa saa moja na nusu, na zile nyingine zihesabu kama bahati.

Kama mtaani kwenu stima hupotea kwa nusu siku, betri hii haitoshi. Afadhali ujue hivyo kabla ya kulipa.

Ijaribu kabla hujaiamini

Ukifika nyumbani, chaji betri mpaka ijae, kisha unganisha: adapta kwenye betri, betri kwenye rauta na modemu. Subiri intaneti ikae sawa. Sasa chomoa adapta ukutani huku ukiangalia taa za rauta. Zisicheze kabisa. Zikizima na kuwaka upya, betri hiyo inachelewa kupokea kazi, na kila stima ikipotea utasubiri dakika kadhaa rauta iamke. Pawabanki nyingi za simu zina tatizo hili.

Acha mfumo uendelee bila stima mpaka betri iishe, na uandike ilichukua muda gani. Huo ndio muda wako halisi. Angalia pia kama Waifai inaanza kukatika mapema kabla ya betri kuisha. Hiyo inaonyesha volti zinashuka kadiri chaji inavyopungua.

Mwisho, rudisha stima na uguse adapta baada ya dakika ishirini. Sasa inafanya kazi mbili, kuendesha rauta na kuchaji betri. Ikiwa ni ile adapta ndogo ya 1A iliyokuja na rauta, inaweza kupata moto sana au rauta ikajizima pindi stima inaporudi. Tumia adapta ya ukubwa uliotajwa kwenye betri.

Weka betri mahali penye hewa, si juu ya rauta wala chini ya kitambaa, maana joto huichosha. Ukiona imevimba, ichomoe na usiitumie tena.

Betri inapofika mwisho wa uwezo wake

Betri yako inaweza kuwa nzima na bado intaneti ikose. Kwenye majengo mengine ya ghorofa, waya wa mtandao unapitia kisanduku kilicho kwenye ngazi, ambacho nacho kinatumia stima ya jengo. Kikizima, rauta yako inabaki ikiwaka bure. Kwenye modemu ya faiba, taa ya `LOS` ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki kutoka nje, na betri kubwa zaidi haitasaidia. Piga simu kwa kampuni yako ya intaneti.

Hakikisha pia kwamba kweli stima imepotea. Kama majirani wanawaka, angalia mita yako. Huenda ni tokeni zimeisha, na hizo unanunua kwa simu kwa dakika moja.

Na kama intaneti imekatika katikati ya malipo, usimwambie mteja alipe tena kwanza. Ujumbe wa malipo huja kwa laini ya simu, si kwa Waifai ya duka. Washa data ya simu yako, angalia taarifa ya miamala, ndipo uamue.