Mapato ya boti za Maziwe: anza na idadi ya wageni

Unapeleka watalii Maziwe? Usiandike tu “msimu huu milioni kumi.” Ulizia kwenye hoteli za Pangani na Ushongo ni wageni wangapi hupanda boti kwa msimu. Tuseme ni 600. Ukiwapata 20 katika kila 100, una abiria 120. Kwa nauli ya sh. 50,000, ni sh. 6,000,000. Ukiwapata 15 tu, zinashuka hadi 4,500,000. Fungu lako hilo la soko ndilo la kutilia shaka zaidi, maana kila mwenye boti hujipendelea. Lilinganishe na daftari la msimu uliopita. Kisha hesabu viti: mchanga wa Maziwe huibuka maji yakipwa, basi boti moja usiipangie safari mbili kwa siku.