Kabla ya Kuwapeleka Mikokoni

Mdogo wangu mwalimu, kabla hujakodi basi la kuwapeleka wanafunzi mikokoni Gazi, tazama mwezi. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga ziara kwa kufuata ratiba ya shule tu. Tulifika saa tisa alasiri, siku ya bamvua, mizizi yote ikiwa chini ya maji. Watoto wakabaki kutazama majani kwa mbali. Katika pwani yetu, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, kisha hurudi alasiri. Chagua siku hizo, na uwe umefika saa tatu.

Wiki moja kabla, fanyeni mazoezi uwanjani. Chukua kamba ya mita 20, ifunge fundo kila mita tano, watoto waivute iwe mraba. Ndani yake wahesabu miche na vichaka wakikubaliana kipi kihesabiwe. Ugomvi wa kuhesabu uishe shuleni, usiwafuate matopeni. Pia wachore kwa kubahatisha: mti gani utakuwa karibu na bahari, upi nchi kavu? Michoro hiyo itunze. Wasisitizie viatu vya kufunga, maana chaza walioshika mizizi hukata nyayo vibaya.

Mkifika mikokoni, usiwape karatasi ya maswali thelathini. Mimi niliwahi, na walinakili majina kutoka kwa kiongozi wetu bila kuinua macho. Wape vituo vitatu: ukingo wa nchi kavu, katikati, na upande wa bahari. Kila kituo watandaze kamba, wahesabu miti kwa aina, na wachore mizizi. Mkoko husimama kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu huchomoza mizizi midogo kama penseli kutoka kwenye tope. Kisha waguse jani la mchu kwa ncha ya ulimi. Kiongozi awe amehakikisha kwanza kwamba ni mchu kweli.

Kundi moja la wanafunzi wangu lilirudi na hesabu iliyowaudhi: mchu mwingi baharini, mchu mwingi nchi kavu, katikati mkoko. Walidhani wamekosea. Niliwaachia kesho yake kipindi kizima, michoro ya awali ikiwa mezani. Swali likawa moja: mti mmoja unaishije pande mbili? Mtoto mmoja akakumbuka chumvi ulimini. Wakafikia wenyewe kwamba ukingo wa juu hufikiwa na maji ya bamvua tu, jua likayakausha na kuacha udongo wenye chumvi kali, na mchu huitoa chumvi hiyo kupitia majani. Upande wa bahari, ile mizizi ya penseli huvuta hewa maji yakipwa.

Usichelewe zaidi ya siku mbili baada ya ziara kufanya mjadala huo. Mimi niliwahi kungoja wiki, na nilichosikia darasani kilikuwa habari za basi na mihogo tuliyokula njiani.